Kipindi kifupi kabisa cha kloki kati ya rejista mbili: setapu, holdi na skyu kwa hesabu ya mkono

Maswali ni yaleyale kila muhula, yawe yametoka Kisumu, Maseno, Kakamega au Njoro. Kloki ya saketi hii inaweza kwenda kasi kiasi gani? Skyu naiongeza au naitoa? Mbona nimepunguza kasi ya kloki na saketi bado inatoa majibu mabaya? Yote matatu yanajibiwa na saketi moja ndogo yenye rejista mbili zinazolishana: A inaipelekea B data, na B inairudishia A. Tumeichagua hii kwa makusudi. Mifano mingi huonyesha njia ya kwenda tu, mwanafunzi akaamini kuwa skyu inasaidia, kisha njia ya kurudi ikamuumbua.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Uwe na mchoro wa saketi unaoonyesha kila geti na kila flipuflopu, na datashiti ya kila chipu, au maktaba ya nyakati ikiwa ni saketi ya ndani ya chipu. Uwe pia na kalamu za rangi mbili. Kikokotoo cha simu kinatosha, kwa sababu hesabu yenyewe ni kujumlisha na kutoa tu.

Kwenye datashiti, usichukue safu ya thamani za kawaida. Safu hiyo hupimwa kwa nyuzijoto 25, na chipu yako haina ahadi yoyote ya kuifuata. Chukua safu ya thamani za juu kabisa kwa joto na volti utakazotumia. Datashiti za familia ya 74HC kwa kawaida hutoa namba kwa volti 2, 4.5 na 6, na kwenye volti 2 ucheleweshaji ni mkubwa mara kadhaa kuliko kwenye 4.5. Kifaa kitakachokaa ndani ya kisanduku chini ya mabati ya Kisumu saa nane mchana hakiko kwenye nyuzijoto 25, na geti za aina hii huzidi kuchelewa joto linapopanda.

Maneno manne tu

*Setapu* ni muda ambao data lazima iwe imetulia kwenye mlango wa flipuflopu kabla ukingo wa kloki haujafika. *Holdi* ni muda ambao data hiyo lazima ibaki vilevile baada ya ukingo kupita. *Ucheleweshaji wa kloki hadi Q* ni muda kutoka ukingo wa kloki hadi tokeo la flipuflopu kubadilika. *Skyu* ni tofauti ya muda ambao ukingo uleule mmoja unafika kwenye rejista mbili.

Shika jambo moja hapa, kwa sababu makosa mengi huzaliwa hapa. Setapu inahusu ukingo huu na ukingo *unaofuata*: data iliyoondoka sasa lazima iwahi ukingo ujao. Holdi inahusu ukingo *uleule*: data mpya iliyoondoka A kwa ukingo huu isifike B mapema mno ikafuta data ya zamani ambayo B bado inaishika. Ndiyo maana kipindi cha kloki kimo kwenye hesabu ya setapu, na kwenye hesabu ya holdi hakimo kabisa.

Hatua ya 1: Chora njia, usichore saketi nzima

Njia huanzia kwenye kloki ya rejista inayotuma na kuishia kwenye mlango wa data wa rejista inayopokea. Chukua kalamu ya kwanza ufuate njia *ndefu* kuliko zote kutoka A hadi B, kisha ile ndefu kutoka B hadi A. Chukua kalamu ya pili ufuate njia *fupi* kuliko zote kwa kila upande.

Katika saketi yetu, njia ndefu ya A kwenda B inapita XOR, halafu AND, halafu OR. Njia fupi ya A kwenda B ni waya mtupu: biti moja ya A inaingia moja kwa moja kwenye B, kama ilivyo kwenye rejista ya kusogeza. Kurudi, njia ndefu ya B kwenda A inapita XOR, OR na NOT, na njia fupi inapita NOT peke yake.

Kosa la kawaida hapa ni kujumlisha geti zote zilizo kati ya rejista mbili. Geti mbili zilizo sambamba haziongezani. Data hupita moja au nyingine, nawe unahesabu zile tu ambazo ishara moja inazipitia kwa mfululizo.

Hatua ya 2: Jaza namba, juu na chini

Hizi ni namba za mazoezi, zimewekwa nzima ili zisomeke kwa urahisi. Zote ni nanosekunde. Ya kwanza ni ya juu kabisa, ya pili ni ya chini kabisa.

```
Flipuflopu, kloki hadi Q   8   3
XOR                        9   4
AND                        7   3
OR                         7   3
NOT                        5   2
Bafa                       5   2
Setapu (Tsu)               4
Holdi (Th)                 2
```

Setapu na holdi zina namba mojamoja kwa sababu si muda ambao chipu inatumia. Ni sharti ambalo chipu inakuwekea wewe.

Safu ya pili ndiyo watu huiacha wazi. Datashiti nyingi za chipu za kawaida hazitoi ucheleweshaji wa chini kabisa, basi mtu huchukua ule wa kawaida na kuendelea. Usifanye hivyo kwa holdi. Ikiwa namba ya chini haipo, tumia sifuri kwa geti, kisha uone kama njia fupi bado inapita. Isipopita, ongeza ucheleweshaji unaoweza kuutetea.

Hatua ya 3: Setapu kwanza, skyu ikiwa sifuri

Kanuni ni hii, T ikiwa kipindi cha kloki, Tcq ucheleweshaji wa kloki hadi Q, Tgeti jumla ya geti za njia, na S skyu:

```
T >= Tcq_max + Tgeti_max + Tsu - S
```

Kwenda, geti ni 9 + 7 + 7 = 23. Kipindi ni 8 + 23 + 4 = 35.

Kurudi, geti ni 9 + 7 + 5 = 21. Kipindi ni 8 + 21 + 4 = 33.

Kloki ni moja kwa rejista zote mbili, kwa hiyo inayotawala ni njia inayodai muda mrefu zaidi. Jibu bila skyu ni nanosekunde 35. Usichukue wastani wa 35 na 33. Wastani hauna maana yoyote hapa, kwani kwa 34 njia ya kwenda ingekuwa imevunjika kwa nanosekunde moja.

Angalia pia kwamba holdi haimo. Wapo wanaoandika 8 + 23 + 4 + 2 = 37, wakidhani setapu na holdi ni jozi isiyotengana. Saketi yao itafanya kazi, lakini wametupa nanosekunde mbili bure na, kibaya zaidi, hawajaikagua holdi hata kidogo.

Hatua ya 4: Ipe skyu alama yake

Amua mara moja na usibadilishe: S ni muda kloki inapofika kwa *mpokeaji*, ukitoa muda inapofika kwa *mtumaji*. Mpokeaji akichelewa kupata kloki, S ni chanya. Akiwahi, S ni hasi.

Kwa kuwa B ni mpokeaji wakati wa kwenda na ni mtumaji wakati wa kurudi, skyu ileile hubadili alama unapogeuza mwelekeo. Fikiria abiria anayevuka kwa feri kutoka Luanda K'Otieno hadi Mbita ili apande gari linaloondoka Mbita saa nne kamili. Saa ya stendi ya Mbita ikiwa nyuma kwa dakika tatu, abiria huyo amepata dakika tatu za nyongeza. Lakini anayevuka kutoka Mbita na kuondoka kwa kufuata saa hiyohiyo, ameshapoteza dakika tatu kabla hajaingia kwenye feri, na gari la Luanda K'Otieno halimngoji.

Hatua ya 5: Rudia setapu kwa pande zote mbili

Tuseme waya wa kloki unafika A kwanza, kisha unazunguka na kufika B nanosekunde 3 baadaye. Kwenda, S = +3, kwa hiyo 35 - 3 = 32. Mwanafunzi akiishia hapa anaandika nanosekunde 32 na kufurahia megahezi 31.25.

Kurudi, S = -3. Kutoa hasi tatu ni kuongeza tatu: 33 + 3 = 36. Kipindi cha saketi sasa ni nanosekunde 36. Skyu iliyoonekana kusaidia imeifanya saketi nzima kuwa ya polepole kuliko ilipokuwa haina skyu.

Je, kuna skyu inayosaidia kweli? Ipo, nayo ni ile inayosawazisha pande mbili. Kwenda ni 35 - S, kurudi ni 33 + S. Zinalingana S ikiwa 1, na zote zinakuwa 34. Unaweza kujaribu thamani nyingine mwenyewe kwa Python:

```
for S in range(-3, 4):
    kwenda = 8 + 23 + 4 - S
    kurudi = 8 + 21 + 4 + S
    print(S, max(kwenda, kurudi))
```

Hakuna S itakayokupa chini ya 34. Sababu inaonekana ukijumlisha njia mbili: 35 + 33 ni 68, na skyu inajifuta yenyewe kwenye jumla hiyo. Data ikizunguka kutoka A hadi B na kurudi A imetumia vipindi viwili vya kloki, na 68 kugawa kwa mbili ni 34. Skyu huhamisha muda kutoka upande mmoja wa mzunguko kwenda mwingine; kuuzalisha haiwezi. Ukitaka kushuka chini ya 34, punguza geti au tafuta flipuflopu za kasi zaidi.

Flipuflopu inayojilisha yenyewe, mfano biti ya kaunta, ina skyu sifuri daima, kwa kuwa mtumaji na mpokeaji ni mmoja. Njia kama hiyo ihesabu peke yake.

Hatua ya 6: Holdi, na hapa usiwe na haraka

```
Tcq_min + Tgeti_min >= Th + S
```

Upande wa kushoto ni namba za *chini*, kwa sababu hofu yetu sasa ni data kufika mapema. Akiba ni kushoto ukitoa kulia.

Kwenda, njia fupi ni waya mtupu, basi kushoto ni 3 + 0 = 3. Skyu ikiwa sifuri, kulia ni 2 na akiba ni 1. Inapita. Skyu ikiwa 3, kulia ni 5 na akiba ni -2. Imevunjika. Ukingo unafika A, biti mpya inatoka baada ya nanosekunde 3 na kutua kwenye mlango wa B wakati uleule ambao B ndiyo kwanza inapata ukingo. B inashika biti mpya badala ya ya zamani, au inayumba kati ya 0 na 1 kwa muda usiojulikana.

Hapa ndipo swali la tatu linapojibiwa. Punguza kloki kutoka megahezi 25 hadi hezi moja, na akiba inabaki -2, kwa kuwa T haimo kwenye kanuni. Saketi yenye holdi mbovu ni mbovu kwa kasi yoyote.

Sasa turudi kwenye S = 1, ile iliyotupa kipindi bora cha 34. Kulia ni 2 + 1 = 3, kushoto ni 3, akiba ni sifuri. Kwenye karatasi imepita. Kwenye bodi usiiamini, kwa sababu waya mmoja tu ukirefuka imekwisha. Dawa ni kuweka bafa moja kwenye ule waya mtupu: kushoto inakuwa 3 + 2 = 5, akiba inakuwa 2. Kisha kagua kwamba hujaharibu setapu ya waya huo: 8 + 5 + 4 - 1 = 16, mbali sana na 34. Bafa huwekwa kwenye njia fupi pekee. Ukiiweka mahali ambapo njia ndefu nayo inapita, umerefusha kipindi chote kwa nanosekunde 5.

Kurudi, kushoto ni 3 + 2 = 5 kwa sababu ya NOT, na kulia ni 2 - 1 = 1. Akiba ni 4, hakuna la kufanya.

Hatua ya 7: Geuza kuwa megahezi, kwa kushusha

Gawa 1000 kwa nanosekunde. 1000 / 34 ni 29.41. Ukizungusha namba hii, zungusha kwenda chini. Oskileta ya megahezi 30 ina kipindi cha 33.33 na haifai hapa, ingawa 30 inaonekana karibu. Ya megahezi 25 ina kipindi cha 40, nayo inakuachia akiba ya nanosekunde 6. Akiba hiyo ndiyo italipia kuyumba kwa kloki, yaani kipindi kimoja kuwa kifupi kidogo kuliko kingine. Ikiwa datashiti ya oskileta inatoa namba ya kuyumba huko, iongeze kwenye T kama gharama ya setapu.

Ukitumia Vivado, programu ya kubuni saketi, badala ya karatasi, hesabu ni hiyohiyo. Kwenye ripoti ya nyakati, `WNS` ni akiba ndogo kabisa ya setapu na `WHS` ni akiba ndogo kabisa ya holdi. Ukiweka kipindi cha 40 na `WNS` ikasoma 6.000, kipindi kifupi ni 40 - 6 = 34. Ukibadilisha kipindi ulichoomba, programu itapanga saketi upya na namba inaweza kuhama, hivyo endesha tena kabla ya kutangaza jibu. `WHS` ikiwa hasi, usiguse kipindi.

Saketi ikikataa

*Inafanya kazi kloki ikiwa polepole, inakosea ikiwa kasi.* Hiyo ni setapu. Tafuta njia ndefu uliyoisahau. Mara nyingi ni ile inayopita kwenye kidhibiti, siyo kwenye data. Pima pia volti kwenye miguu ya chipu yenyewe: volti ikishuka, kila geti huchelewa zaidi.

*Inakosea kwa kasi yoyote, na biti huruka hatua moja mbele.* Hiyo ni holdi, hasa kwenye rejista ya kusogeza iliyosambazwa kwenye chipu mbili. Jaribu kuingiza kloki kutoka upande wa mwisho wa mnyororo, ili mpokeaji apate ukingo kabla ya mtumaji. S inakuwa hasi na holdi inapona bila geti hata moja kuongezwa. Gharama yake ni setapu ya njia hiyo, ambayo kwa waya mtupu huwa na nafasi tele.

*Hesabu inapita, bodi haipiti.* Fuata waya wa kloki kwa macho. Kwenye bodi ya shaba, ishara husafiri takriban sentimita 15 hadi 20 kwa nanosekunde, kwa hiyo tofauti ya sentimita 30 inakaribia kukupa skyu ya nanosekunde 2. Hilo ni dogo ukilinganisha na lifuatalo.

*Mtu amepitisha kloki ya rejista moja kwenye geti ili aweze kuizima.* Hili ndilo tunalolikuta mara nyingi kuliko yote. Tuseme kloki ya B imepitishwa kwenye AND ya jedwali letu, na ile ya A haikupitishwa. Skyu sasa si namba moja bali ni kitu chochote kati ya 3 na 7. Kwenda, hesabu setapu kwa S ndogo, 3, na holdi kwa S kubwa, 7. Holdi ya waya mtupu inakuwa 3 dhidi ya 9, akiba -6. Kurudi, setapu inachukua 7 nzima: 33 + 7 = 40. Ile oskileta ya megahezi 25 iliyokuwa na akiba ya 6 sasa haina hata moja. Ondoa geti kwenye kloki. Weka multipleksa mbele ya mlango wa data wa B, ichague kati ya data mpya na tokeo la B yenyewe, kisha uongeze ucheleweshaji wa multipleksa hiyo kwenye Hatua ya 3 na uhesabu upya. Njia mpya inayotoka B na kurudi B kupitia multipleksa nayo ikague holdi yake. Skyu yake ni sifuri, kwa hiyo 3 za kloki hadi Q peke yake zinatosha kushinda 2.